Mashairi ya akili mnemba hayakai kwenye tuni? Hesabu mizani kwa mdomo, sio kwa macho

Mwaka huu kulikuwa na arusi kwetu hapa Amu, mtaa wa Langoni, na kama kawaida wanawake wakataka wimbo wao wa kumtoa bi harusi, ule wa kugonga pembe, vugo. Tuni walikuwa nayo tayari, ya zamani, kila mtu anaijua, kilichokosekana ni maneno mapya yenye jina la arusi hii. Mpwa wangu akatoa simu, akaandikisha kwa programu ya akili mnemba, dakika moja beti tano hizo hapo, mistari imepangika vizuri, ukiangalia unasema kazi imekwisha.

Siku ya mazoezi mstari wa kwanza ukapita kwa shida, wa pili ukawamaliza pumzi, wa nne wengine washafika mwisho na wengine bado wako njiani na pembe zinagongwa kila moja na wakati wake. Bibi mmoja mwenye hiyo ngoma akanitazama, akaniambia, "Mwanangu, wimbo huu una mguu mmoya mrefu." Nikachukua karatasi nikaenda nayo nyumbani. Na hapa nawapa vile nilivyoirekebisha, hatua kwa hatua, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe, maana nilikosea.

Kwanza muelewe kwa nini inatoka hivyo. Hizi programu zinapanga vipande vya maandishi, hazisikii. Kipande kwake kinaweza kuwa nusu ya neno, kinaweza kuwa herufi tatu, hakina uhusiano na pale mdomo unapofunguka. Kwa hiyo inakutolea mistari inayofanana kwa macho. Lakini macho ni muongo kwenye Kiswahili: chukua neno "maua", herufi nne, mizani tatu, ma-u-a. Alafu chukua "mbwembwe", herufi nane, mizani mbili tu, mbwe-mbwe. Urefu kwenye skrini haukwambii kitu.

Hatua ya kwanza: toa mifupa ya tuni kabla hujagusa maneno

Usianze na mashairi. Anza na tuni peke yake bila neno hata moja. Ikokote kwa "na na na" na urekodi kwenye simu, mstari mmoja tu, alafu usikilize ukihesabu kwa vidole ni noti ngapi. Tuni yetu ilitoka hivi:

na na NAA na / na na NAA na

Noti nane. Ya tatu na ya saba zinavutwa, na pale katikati baada ya ya nne kuna kipumzi kidogo, pembe zinagongwa pale. Hii ndio kalibu yako. Mizani nane kwa mstari ni kipimo ambacho watu wa pwani wanakijua sana, ndicho cha tenzi, na shairi la kawaida la mizani kumi na sita nalo ni nane na nane, kwa hiyo tuni nyingi za kwetu zitakuangukia hapo. Lakini usidhanie. Zipo za kumi na mbili, sita kwa sita. Hesabu yako mwenyewe.

Kosa ninaloliona kwa vijana ni kuchukua mstari wa kwanza wa mashairi kuwa ndio kipimo, alafu mingine yote wanaivuta iufuate. Mstari wa kwanza nao umetoka kwa mashine hiyo hiyo. Kipimo ni tuni, na ikiwa mistari yote ishirini ina tisa na tuni ina nane, basi yote ishirini ina kosa.

Hatua ya pili: kata kila mstari kwa mizani, kwa sauti

Huu hapa ubeti wa kwanza kama ulivyotoka kwenye simu:

Leo ni siku ya furaha
Bi harusi umependeza sana
Jahazi limetia nanga
Mji wote wakusubiri

Sasa unauandika upya na vistari katikati, na usiandike kitu ambacho hujakitamka. Kanuni kubwa ni nyepesi, kila irabu ni mizani yake, hata zikifuatana. "Saa" ni mbili, "kuu" ni mbili, "njia" ni nji-a, "pokea" ni po-ke-a. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye m na n, na hapa ndipo nilipoanguka. Mstari wa nne niliupitia haraka nikihesabu irabu tu: i, o, e, a, u, u, i, i, nane, nikauwekea alama ya sawa nikaenda zangu. Kumbe "mji" si mizani moja, ni m-ji, ile m inasimama peke yake na inakula noti. Mstari una tisa. Na ndio ule ule uliowapoteza wanawake kwenye mazoezi, na mimi nimeuandikia "sawa" kwa kalamu nyekundu kabisa.

Njia yangu ya kuijua m siku hizi ni hii: peleka neno kwenye wingi. Kama m inageuka kuwa wa au mi, basi inasimama, ihesabu. Mji, miji. Mvuvi, wavuvi, kwa hiyo m-vu-vi, tatu. Mlango, milango, m-la-ngo. Kama wingi hauigeuzi, basi imeshikana na herufi ya mbele yake, usiihesabu: mvua ni mvua tu hata ikiwa masika yote, kwa hiyo mvu-a, mbili, na mbuzi ni mbu-zi. Uzuri wa njia hii unauona kwenye neno kama "mbaya". Mtu mbaya, watu wabaya, imegeuka, basi hapo ni m-ba-ya, tatu. Nyumba mbaya, nyumba mbaya, haijageuka, mba-ya, mbili. Neno moja, herufi zile zile, na mizani zinatofautiana kulingana na liko karibu na nani. Mashine haiwezi kukubebea hilo, na mtu anayehesabu kwa macho pia hawezi. Ile m inayokaa mbele ya w na irabu, kama mwana, mwezi, moyo, haina nafasi ya peke yake, mwa-na, mwe-zi.

Wanaokwepa kanuni hiyo ni yale maneno mafupi ambayo ukiiondoa m au n linabaki na irabu moja tu. Hayo yanasimama yote: m-bwa, m-bu, m-pya, n-chi, n-ge, n-ne. Lakini ndege ni nde-ge na ngoma ni ngo-ma, hizo zina irabu mbili tayari, n imejiegemeza. Na ile m ya ndani ya kitenzi, kama "nimpe", inasimama, ni-m-pe. "Amka" pia, a-m-ka.

Alafu kuna maneno ya asili ya Kiarabu yenye konsonanti mbili zimegongana, shukrani, labda. Hapa watu wanabishana sana kwenye vitabu, mi sibishani, naangalia anayeimba anafanya nini. Wanawake wetu hawaimbi "shukrani", wanaimba "shukurani", mizani nne wazi, kwa hiyo naandika "shukurani" kwenye karatasi. Andika kama inavyoimbwa, usiandike kama kamusi alafu utarajie mtu mwengine asome mawazo yako.

Nikimaliza nikapata hivi, na nambari pembeni:

Le-o-ni-si-ku-ya-fu-ra-ha, 9
Bi-ha-ru-si-u-me-pe-nde-za-sa-na, 11
Ja-ha-zi-li-me-ti-a-na-nga, 9
M-ji-wo-te-wa-ku-su-bi-ri, 9

Hakuna hata mmoja wenye nane. Na kwenye skrini ilikuwa inapendeza ajabu.

Hatua ya tatu: punguza, na punguza kwa mpangilio

Mistari mirefu huwa mingi kuliko mifupi, kwa sababu zile programu zinaandika kama mtu anayeandika barua, kila kiungo kipo mahali pake. Wimbo hauhitaji viungo vyote.

Kitu cha kwanza kutoa ni maneno ya kujaza, yale ambayo ukiyatoa hakuna anayeuliza yako wapi: ni, sana, kabisa, kwamba. Mstari wa kwanza uliisha hapo hapo. "Leo ni siku ya furaha", toa "ni", unabaki "Leo siku ya furaha", le-o-si-ku, ya-fu-ra-ha, nane, na umesikika wa kuimbwa zaidi kuliko mwanzo.

Kitu cha pili ni alama za wakati. Huku kwetu hii ni rahisi kwa sababu tunaongea hivyo kila siku. "Unapendeza" inakuwa "wapendeza", "tunakupenda" inakuwa "twakupenda", "anakungoja" inakuwa "akungoja", "ninakupenda" inakuwa "nakupenda". Kila badiliko linakupunguzia mizani moja. Mstari wa pili ulikuwa na kumi na moja, natoa "sana", tisa, nageuza "umependeza" kuwa "wapendeza", nane: bi-ha-ru-si, wa-pe-nde-za. Ila angalia maana. "Umependeza" na "wapendeza" kwa bi harusi ni mamoja, lakini "limetia nanga" na "latia nanga" si mamoja, la kwanza chombo kishafika, la pili bado kamba ziko mkononi. Usibadilishe bila kujiuliza kama hadithi bado ni ile ile.

Cha tatu ni kulibadilisha neno lenyewe. Mstari wa nne ulizidi moja na hakuna cha kukata, "mji wote" nautaka kama ulivyo. Basi "wakusubiri" ikatoka, ikaingia "wakungoja", maana moja, pungufu mizani moja. M-ji-wo-te, wa-ku-ngo-ja. Nane.

Kuna mtego hapa wa watu wanaopenda kuandika kifupi kama kwenye meseji. Ubeti wa pili ulikuwa na mstari "Nitakungoja mlangoni", ni-ta-ku-ngo-ja-m-la-ngo-ni, tisa. Mpwa wangu akaja na dawa: andika "ntakungoja", umetoa i, imebaki nane. Hapana. Umetoa herufi, hujatoa mizani. Ukiimba taratibu utasikia ile n imebaki imekaa pale pale, n-ta-ku-ngo-ja, inakula noti kama kawaida. Kinachokata kweli ni Kiamu chenyewe, maana sisi hatusemi nitakungoja, tunasema "takungoja". Ta-ku-ngo-ja, m-la-ngo-ni. Nane safi, na bibi zetu wanaiona ni lugha yao. Ukiwa Malindi au kwengine na waimbaji wako hawasemi hivyo, usiwalazimishe, watakuwa wanaimba kitu ambacho mdomo wao haukijui, bora utafute neno jengine.

Hatua ya nne: mistari mifupi, usiijaze mchanga

Mstari mfupi mtu anakimbilia kuweka "eee" mwisho au "sana". Inafanya kazi mara moja. Mara ya tatu kila mtu ameshajua kwamba maneno yalikwisha.

Kulikuwa na "Tunakupenda dada". Tu-na-ku-pe-nda-da-da, saba, imepungua moja. Mtu anaongeza "yetu", "Tunakupenda dada yetu", anahesabu tena, tisa, anachoka. Hapa inabidi ukate upande mmoja na uongeze upande mwengine kwa wakati mmoja: "twakupenda" imetoa moja, "yetu" imeongeza mbili, jumla nane. Twa-ku-pe-nda, da-da-ye-tu. Mistari mingi mifupi ndivyo inavyotengenezwa, si kwa kuongeza tu.

Njia nyengine nzuri ya kuongeza mizani moja ni kumtia mtendewa ndani ya kitenzi. "Angoja" tatu, "akungoja" nne, na wimbo umezidi kuwa na joto maana sasa anangojwa mtu. Na umiliki nao unakunjuka na kukunjika utakavyo: "mumeo" tatu, "mume wako" nne, "mama yangu" nne, "mamangu" tatu. Weka hizi karibu kama fundi na misumari yake.

Hatua ya tano: nane imetimia na bado haikai

Hapa ndipo watu wengi wanapoachia kazi, wanaona nane, wanapeleka. Alafu wimbo unaimbwa na kuna mstari unaokwama na hakuna anayejua kwa nini, hesabu iko sawa.

Chukua mstari huu uliotoka kwenye ubeti wa tatu: "Mumeo akungojea". Mu-me-o-a-ku-ngo-je-a. Nane, ihesabu mara mia. Sasa uweke kwenye kalibu:

mu me OO a / ku ngo JEE a

Umeona kilichotokea? Kipumzi cha katikati kimeingia ndani ya neno. Waimbaji wanasema "mumeo a", pembe zinagongwa, alafu "kungojea", kama watu wawili tofauti. Na ile noti ya tatu inayovutwa imeangukia o ya mwisho ya "mumeo", wakati sisi tunasema muMEo, mkazo uko kwenye me. Kiswahili kina tabia moja nzuri sana kwa mtunga nyimbo, mkazo unakaa mizani ya pili kutoka mwisho wa neno, karibu siku zote. Kwa hiyo kama tuni yako inavuta noti ya tatu alafu inapumua baada ya nne, maana yake inataka neno liishe kwenye ya nne. Ya saba na ya nane hivyo hivyo.

Tiba ilikuwa kukunjua umiliki na kutoa kale ka-e: "Mume wako akungoja". Mu-me-WA-ko, a-ku-NGO-ja. Nane ile ile, lakini sasa neno limeisha pumzi ilipo na sauti inavutwa pale ambapo hata ukiongea ungeivuta.

Mstari wa jahazi ndio ulionisumbua usiku mzima, na nauonyesha wote kwa sababu ndio mfano wa kweli. "Jahazi limetia nanga", tisa. Jaribio la kwanza, "Jahazi latia nanga", nane. Kwenye kalibu: ja-ha-zi-la, ti-a-na-nga. "Latia" imekatwa katikati, na noti ya tatu inavuta "zi", jahaZII, kama mtu anayemuita mtu anaitwa Jahazi. Na maana imeshabadilika pia. Jaribio la pili, nikabadilisha chombo, nikaleta dau, mizani mbili badala ya tatu: "Dau limetia nanga". Da-u-li-me, ti-a-na-nga. Nane, lakini "limetia" sasa ndiyo inakatwa, lime, pumzi, tia. Karibu niuache. Alafu nikakumbuka kwamba washairi hawajawahi kuogopa kupindua maneno, neno la mwisho kuliweka mwanzo, sarufi inapigwa kibao kidogo na hakuna anayelalamika. "Limetia nanga dau". Li-me-TI-a, na-nga-DA-u. Ya tatu ti, ya saba da, kipumzi baada ya neno kamili, na chombo kishafika kama mwanzo ilivyotaka. Ile programu iliandika jahazi, mi nimeandika dau, na ufuoni pale Amu vyote vipo kwa hiyo hakuna aliyedanganywa.

Kwa hiyo mpangilio wa ukaguzi ni huo: hesabu, kipumzi, mkazo. Mstari ukifeli kwenye kipumzi usipoteze wakati kuhesabu tena, jaribu kwanza kupindua mpangilio wa maneno, mara nyingi jibu liko hapo hapo ndani na hulihitaji neno jipya.

Kuhusu kina

Utaniuliza, vina je? Ukirekebisha mizani kiholela utavunja vina, hilo ni kweli. Kwenye ubeti wa kwanza sikujali kwa sababu kwa wimbo wetu huu kiitikio ndicho kinachofungana. Lakini ubeti wa pili nilitaka wote uishe na ni, na njia ni kuanzia nyuma: chagua kwanza neno la mwisho lenye mizani nne au kifungu cha mizani nne kinachoisha unavyotaka, ukiweke kwenye nusu ya pili, alafu ndio utafute nusu ya kwanza. Vifungu vya mizani nne vinavyoisha na ni havina idadi, mlangoni, bandarini, ufuoni, yu njiani, kwa yakini. Nikapata:

Takungoja mlangoni
Mume wako yu njiani
Twakupenda kwa yakini
Shukurani pokeeni

Ule mstari wa mwisho ulikuwa "Shukrani zetu pokeeni". Kwa "shukurani" yetu ni shu-ku-ra-ni-ze-tu-po-ke-e-ni, kumi. "Zetu" ikatoka, maana nani mwengine anayetoa shukurani kwenye arusi yetu. Na "twakupenda dada yetu" niliihamishia ubeti mwengine, sikuitupa.

Pale ambapo tisa inaruhusiwa

Sio kila tisa ni kosa. Mizani nyepesi kama "na" au "ee" inaweza kutangulia kabla mstari haujaanza, mtu anaidokeza wakati bado anavuta pumzi: na... mu-me-WA-ko. Hiyo haili noti, inakaa kwenye mlango. Lakini iwe neno jepesi lisilo na mkazo, na isiwe kila mstari.

Pia yule anayeongoza peke yake anaweza kuigawa noti ndefu, ile ya tatu au ya saba, akaweka mizani mbili ndani yake. Waimbaji wazuri wanafanya hivyo kila siku. Kiitikio hapana. Kundi la wanawake kumi na tano hawawezi kuigawa noti mahali pamoja bila mazoezi ya wiki, kila mmoja ataigawa kwake, na hapo ndipo unaposikia ule ugomvi wa midomo. Kwa hiyo kiitikio kiwe nane kavu, beti za kiongozi unaweza kumlegezea kidogo.

Na tahadhari moja kwa wanaoyarudisha mashairi kwenye zile programu zinazoimba zenyewe. Ukiingiza mstari wa kumi na moja haitakwambia kwamba umezidi. Itabana maneno kwa kasi au itaongeza noti zake, na wewe utasikia wimbo mzuri tu. Tofauti utaiona siku utakapowapa watu waimbe, watafuata tuni waliyoizoea na maneno yatabaki nje. Kama unataka kujua mapema, sikiliza mstari baada ya mstari ukiwa unagonga meza. Tuni ikibadilika mahali kwenye mstari mmoja na sio kwenye mwengine, huo mstari una mizani zilizozidi au zilizopungua, uchukue urudi nao hatua ya pili.

Jaribio la mwisho

Usiujaribu wimbo kwa mdomo wako. Wewe umekaa nao siku mbili, mdomo wako umeshajifunza kudanganya, unabana pale pa kubana bila hata kujua. Mpe mtu ambaye hajauona, anayeijua tuni, umpe karatasi aimbe moja kwa moja mara ya kwanza. Pale atakaposita, tia alama, usimsaidie, usimuimbie kwanza. Mimi nilimpa dada yangu akiwa anakuna nazi, akaimba ubeti wa kwanza wote bila kuinua kichwa, ubeti wa tatu akasita kwenye mstari mmoja ambao nilikuwa nimesahau m nyengine, neno "mkono", nikaihesabu mbili badala ya tatu. Kosa lile lile. Hesabu zako za m zipitie mara mbili.

Ubeti wa kwanza ukaenda hivi, na ndivyo ulivyoimbwa:

Leo siku ya furaha
Bi harusi wapendeza
Limetia nanga dau
Mji wote wakungoja

Usiku wa arusi ulikaa, pembe zote pamoja. Isipokuwa shangazi mmoja aliyekuja mazoezi ya kwanza akakosa ya pili, yeye kalishika lile jahazi la mwanzo na hataki kuliachia, na kila ikifika pale anabaki nyuma mizani moja anamalizia "nga" peke yake wenzake washanyamaza.